Video ya kujitambulisha ya sekunde 60 kwa maombi ya feloshipu: yangu inafika 1:24, nikate wapi?

Mkomani_26
Salaam wenzangu. Naomba feloshipu ya miezi sita ya kurejesha mazingira ya pwani. Fomu inataka video ya kujitambulisha isiyozidi sekunde 60. Lugha yoyote yakubaliwa, ila kama si Kiingereza, maandishi ya Kiingereza yawekwe chini. Nimechagua Kiswahili. Nikisema kwa utulivu napata dakika 1 na sekunde 24. Nikiharakisha napata 1:10 na pumzi zinakata. Kuna programu za simu zinazoongeza kasi ya video. Je, niongeze kasi au nikate? Na kama ni kukata, kitoke nini? Maneno yenyewe ni haya:

"Assalaam alaykum na habari za wakati huu. Kwa majina kamili naitwa Fulani binti Fulani, mzaliwa wa mtaa wa Mkomani, kisiwani Lamu, kaunti ya Lamu, katika pwani ya nchi ya Kenya. Nina umri wa miaka ishirini na sita na nina stashahada ya usimamizi wa mazingira. Mimi ni kijana mwenye ari, bidii na nidhamu, ninayependa kufanya kazi na watu wa aina zote. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijitolea katika kikundi cha kupanda mikoko, ambapo nimejifunza mambo mengi kuhusu umuhimu wa mazingira. Kama tujuavyo, mikoko ni mazalia ya samaki, huzuia mmomonyoko wa ufuo na husaidia kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Kupitia programu hii tukufu naamini nitapata ujuzi, uzoefu na mtandao wa watu utakaoniwezesha kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu na taifa kwa jumla. Ningeshukuru sana kupewa nafasi hii adhimu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na Mwenyezi Mungu awabariki."

KakaMatondoni
Dada, usihangaike kukata. Mtu husema maneno 150 kwa dakika, na hayo yako hayafiki 150. Unasema polepole tu. Weka kasi ya 1.4 kwenye programu, 84 inakuwa 60 kamili.

Malindi_Kwetu
Huku Malindi video za dakika moja zinazopendwa zina muziki chini, maandishi makubwa ya rangi, na picha zinabadilika kila sekunde mbili. Mtu akiona uso mmoja dakika nzima anapita. Weka ngoma kidogo na picha za bahari.

FundiPicha_Langoni
Malindi_Kwetu, hiyo ni video ya kutafuta watazamaji. Ya dada huyu ina watazamaji wachache ambao ni lazima waitazame, na wanachotaka ni kumsikia yeye. Muziki chini ya sauti iliyorekodiwa kwa simu hufunika konsonanti, basi hata anayejua Kiswahili anaanza kukisia.

KakaMatondoni, hesabu ya kugawa ni sawa, matokeo si sawa. Kwa 1.4 pumzi zinafupika, midomo inakimbia, na mtazamaji anatambua papo hapo kwamba sauti si ya asili. Kuongeza kasi kunavumilika hadi 1.05 hivi. Ukiwa na sekunde 61 utapata 58 na hakuna atakayejua. Zaidi ya hapo ni kukata tu.

Bi_Msomaji
Nasoma maombi ya aina hii, kwa hiyo nitajibu la maneno.

Kwanza hicho kipimo cha 150. Ni cha Kiingereza. Neno letu moja kama "utakaoniwezesha" hubeba maneno manne matano ya kwao, kwa hiyo kipimo hakihamishiki. Mkomani_26, tumia chako mwenyewe. Maandishi yako nimeyahesabu, ni maneno 133. Umeyasema kwa sekunde 84, yaani maneno 95 hivi kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi yako ya utulivu na ni nzuri, usiiguse. Sasa usilenge 60, lenga 57, ili uwe na nusu sekunde ya kimya mwanzoni, nusu mwishoni, na nafasi ya kumeza mate katikati. Sekunde 57 kwa kasi yako ni maneno 90. Yatoke 43.

Tazama yanatumika wapi. Kuanzia "Assalaam" hadi "Kenya" ni maneno 30, sekunde 19. Karibu theluthi ya dakika imekwisha na msomaji amejua jina na mahali tu, vitu ambavyo viko kwenye fomu aliyoifungua kando ya video. Umri na stashahada navyo viko kwenye fomu. "Ari, bidii na nidhamu" yanasemwa na kila mwombaji, basi hayamtofautishi yeyote. Sentensi ya mazalia ya samaki ni kweli tupu, lakini wanaosoma maombi ya pwani wanaijua. Ukiondoa yote hayo unabaki na "kikundi cha kupanda mikoko", nalo ndilo pekee ninalotaka kusikia, na hukulieleza. Kwenye kikundi hicho mkono wako unafanya nini hasa?

Mkomani_26
Ahsante Bi. Mimi ndiye ninayepima maji. Kikundi kilikuwa kikipanda kwenye tope la chini kwa sababu mashua inafika pale kwa urahisi, na miche ilikuwa inakufa. Nilisimika vijiti nikavitia alama, nikaandika maji yanafika wapi bamvua, yanapojaa sana, na yanafika wapi maji mafu, yanapojaa kidogo. Baada ya hapo tukahamisha upandaji juu zaidi. Nilidhani hayo ni mambo ya uwanjani, hayafai kwa kujitambulisha.

Bi_Msomaji
Hayo ndiyo kujitambulisha. Mtu anayepima maji kabla ya kupanda namkumbuka hata nikishatazama wengine thelathini. Na ujibu jingine: unachokosa ni nini, ambacho programu ile inacho? Usiniambie "ujuzi".

Mkomani_26
Kwa vijiti nafikia kipande kidogo tu cha ufuo. Nataka kupima kimo cha ufuo mzima na kukichora kwenye ramani. Somo hilo limo kwenye mtaala wao, nimelisoma kwenye tovuti.

KakaMatondoni
Hapo sasa nimekuelewa, nduyangu. Ila usiseme tu "tukahamia juu". Miti ya mikoko ina aina nyingi: mkoko wenyewe unastahimili maji kuliko mkandaa. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa baharini, mkandaa uko nyuma. Kila mti una mahali pake, wazee wakataji boriti wanajua. Na mchu uko nyuma kabisa kwenye chumvi.

Shela_Kaskazi
Mchu uko nyuma na mbele pia, kaka. Tazama mikono ya bahari, utauona umesimama mbele pamoja na mlilana. Lakini hoja yako ya kila mti na mahali pake ni ya maana, dada aiweke kwa maneno machache.

Nami nina swali langu. Ninaomba programu ya afya ya jamii, video ni sekunde 60 vilevile. Navaa buibui na mtandio. Maikrofoni ya waya wa simu nikiificha ndani ya mtandio inatoa mkwaruzo kila nikigeuza shingo. Nikirekodi kwa simu yenyewe iliyo mbali, sauti inavuma kama niko ndani ya birika.

FundiPicha_Langoni
Hayo ni matatizo mawili, na dawa zake ni mbalimbali.

Mkwaruzo ni kitambaa kinachosugua maikrofoni, au waya unaovutwa. Itoe nje ya mtandio, ikae kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu. Waya uufanye kitanzi kidogo chini ya maikrofoni na ukibane kwa pini au utepe, ili shingo ikigeuka kitanzi kinyooke na maikrofoni isitikisike. Ikionekana kwenye picha haidhuru, hakuna anayepunguza alama kwa sababu ya waya. Kabla ya kurekodi hakikisha simu inatumia maikrofoni ya waya: ikwaruze kwa ukucha huku ukirekodi, kisha sikiliza. Kama mkwaruzo hausikiki kwa nguvu, simu bado inachukua sauti yake yenyewe.

Mvumo ni wa chumba. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa zina kuta ngumu, dari ndefu na vyumba vyembamba virefu, kwa hiyo sauti inarudi mara nyingi. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaobaki baada ya kofi, usirekodi hapo kabla ya kukivalisha chumba.

KakaMatondoni
Tundika leso ukutani nyuma yako, inatosha, na picha inapendeza.

FundiPicha_Langoni
Inapendeza, lakini kwa sauti leso ni nyepesi mno, na nyuma yako si mahali pa kwanza pa kushughulikia. Sauti inatoka mdomoni kwenda mbele, inagonga ukuta ulio nyuma ya simu, inarudi. Simamisha godoro huko nyuma ya simu, tandika zulia au jamvi nene chini, na kama una blanketi litundike ubavuni. Piga kofi tena. Leso iache nyuma yako kwa uzuri wake.

Mahali pazuri zaidi kwenye nyumba ya Kiamu ni msana, ule ukumbi ulio wazi upande mmoja, ukikaa umeelekea kiwanda, yaani ua wa ndani. Kiwanda hakina paa, mwanga unashuka mle, unapiga kuta nyeupe na kukufikia usoni ukiwa laini. Usikae kiwandani kwenyewe mchana. Sisi tuko digrii mbili tu kusini ya ikweta, jua la saa sita liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi. Saa tatu hadi saa nne asubuhi panafaa. Na usikae ukiupa kiwanda mgongo: simu itapima mwanga wa nyuma na kukugeuza kivuli. Ukiwa na shaka, gusa uso wako kwenye kioo cha simu na uushikilie hadi kipimo cha mwanga kijifunge hapo, maana vinginevyo wingu likipita picha nzima inapanda na kushuka.

Malindi_Kwetu
Na ufukweni je? Kama anaomba mambo ya mikoko, mikoko yenyewe si ionekane?

FundiPicha_Langoni
Ionekane kwa sekunde nne, imechomekwa juu ya maneno ya vijiti. Ila sauti irekodiwe ndani. Upepo wa kusi au kaskazi ukipiga maikrofoni hutoa mngurumo ambao hakuna programu itakayouondoa bila kula sauti yako pia. Kwa hiyo hapo Malindi_Kwetu una haki nusu, picha moja ya kazi inafaa.

Bi_Msomaji
Mimi hata hiyo moja naisita. Baadhi ya programu huandika wazi kwamba video isihaririwe, iwe pumzi moja bila kukatwa. Soma maelekezo kwanza. Kama hayasemi, weka picha, lakini iwe ya vijiti vyako vyenye alama na wewe unasoma kipimo, si ya machweo.

Mkomani_26, nimeyapanga maneno yako mwenyewe. Nilichoongeza ni ile hoja ya kila aina mahali pake, na hesabu za mwisho:

"Naitwa Fulani, wa Lamu. Natafuta mahali ambapo mche wa mkoko utaishi. Kikundi chetu kilikuwa kikipanda kwenye tope la chini, kwa kuwa mashua hufika kwa urahisi. Huko maji hukaa muda mrefu juu ya miche, nayo hufa. Nikasimika vijiti vyenye alama, nikaandika maji yanafika wapi wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Tukahamia juu, tukapanda kila aina mahali pake. Ninachokosa ni kupima kimo cha ufuo mzima na kukichora kwenye ramani; kwa vijiti nafikia kipande kidogo tu. Programu yenu hufundisha hilo. Nikirudi nitachora ramani ya fuo tatu tunazopanda, na kuwafundisha wenzangu wawili kuisoma."

Ni maneno 91. Kwa kasi yako yatachukua sekunde 57 na kidogo. Fuo tatu na wenzako wawili nimeweka mimi kama mfano, badilisha ziwe hesabu zako za kweli. Ukitaja jambo lisilo la kweli hapo, kwenye mahojiano ndilo la kwanza kuulizwa.

Shela_Kaskazi
Bi, samahani, salamu umeiondoa kabisa? Mtu wa Amu kuingia bila salamu ni vigumu. Na jina la baba?

Bi_Msomaji
"Assalaam alaykum" ni sekunde moja na nusu hivi, na anaweza kuirudisha akiondoa "kwa kuwa mashua hufika kwa urahisi". Lililonisumbua ni "na habari za wakati huu", maana hiyo inangoja jibu na hakuna wa kuijibu. Jina la baba liko kwenye fomu.

FundiPicha_Langoni
Usiondoe mashua! Hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wenye akili walipanda mahali pabaya. Bila hiyo kikundi kinaonekana cha wazembe. Ondoa "Programu yenu hufundisha hilo", wao wanajua wanafundisha nini.

Bi_Msomaji
Sikubali. Sentensi hiyo ina maneno manne na ndiyo inayoonyesha kwamba amesoma mtaala wao. Bila hiyo video inaweza kutumwa kwa programu yoyote, na sisi tunaigundua video iliyotumwa kote.

KakaMatondoni
Mimi ningeanza na mche, si jina. "Mche wa mkoko hufa kwa kufunikwa na maji muda mrefu mno." Mtu anashtuka, ndipo umwambie wewe ni nani. Jina likitangulia ni kama mahakamani.

Bi_Msomaji
Wengine kwenye jopo wanapenda hivyo. Mimi nikianza kusikia hoja bila kujua ni ya nani narudi nyuma kutafuta jina, na sekunde tano zimenipita. "Naitwa Fulani, wa Lamu" ni maneno manne, hayamchoshi mtu.

Mkomani_26
Nimejaribu maandishi ya Bi. Muda ni mzuri, lakini nikiyasoma macho yanatembea kushoto kulia. Nikiyaacha nasahau katikati.

FundiPicha_Langoni
Macho yanatembea kwa sababu karatasi ni pana na iko karibu. Usiandike sentensi. Andika maneno matano kwa herufi kubwa, moja chini ya jingine: *mahali, tope, vijiti, ramani, nikirudi*. Bandika kipande hicho chembamba juu kabisa ya lenzi. Simu ikae mbali kama urefu wa mkono na nusu, lenzi iwe kimo cha macho. Panga vitabu au ndoo iliyogeuzwa. Simu ilale kwa upana, isipokuwa fomu iseme vingine. Tumia kamera ya nyuma kama kuna mtu wa kukushikia saa, ni kali zaidi. Ukiwa peke yako tumia ya mbele, lakini tazama lenzi, usijitazame kwenye kioo.

Kila sehemu kati ya neno na neno ijue kwa moyo kama sentensi mbili tatu. Ukisahau neno moja usisimame, sema maana yake. Ukirekodi mara nyingi mno sauti inakauka na uso unakufa, pumzika nusu saa.

Malindi_Kwetu
Na maandishi ya chini? Simu inaweza kuyatoa yenyewe.

Maalim_Kompyuta
Yanayojitoa yenyewe kwa Kiswahili huharibu majina na maneno kama bamvua, na tafsiri yake ya Kiingereza huwa mbaya zaidi. Tafsiri kwa mkono. Mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja, herufi 40 hivi kila mstari, na isiondoke kabla hujaisoma mwenyewe kwa sauti. Bamvua itafsiriwe kwa neno la wataalamu wa bahari, ni la kawaida kwao. Maandishi yachomwe ndani ya picha. Ukiyapakia kama faili la pembeni, msomaji akishusha video yanabaki nyuma.

Sasa faili. Dakika moja ya 1080p kutoka kwenye simu inaweza kuzidi MB 100, na fomu nyingi zina kikomo. Usijitumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida, itabanwa hadi uso uwe ukungu. Itume kama hati. Kwenye iPhone, chagua `Most Compatible` sehemu ya kamera kabla ya kurekodi, maana muundo ule mwingine kompyuta za zamani hazifungui. Mwenye kompyuta anaweza kupunguza hivi kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i asili.mov -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 26 -c:a aac -b:a 96k tayari.mp4
```

Kwa mtu anayezungumza ameketi, faili hushuka sana na uso hubaki safi. Ukiona mraba mraba kwenye ukuta, badilisha 26 iwe 23.

KakaMatondoni
Ongeza `-t 58` hapo, ikate yenyewe kwenye 58.

Maalim_Kompyuta
Itakata, hata kama uko katikati ya neno. Kata kwa mkono mahali uliponyamaza. Na uangalie muda baada ya kutengeneza faili, si kabla: kilichoandikwa 1:00 kwenye simu kinaweza kuwa sekunde 60 na nusu, na fomu inayopima yenyewe itakikataa. Hiyo ndiyo maana ya 57 ya Bi.

Shela_Kaskazi
Yangu inataka kiungo, si faili.

Maalim_Kompyuta
YouTube iweke `Unlisted`. Ukiweka `Private` jopo halitaiona. Ukitumia Drive, badilisha `Restricted` iwe `Anyone with the link`, kisha ufungue kiungo kwenye dirisha la siri la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yako. Usingoje saa ya mwisho: video ikishapakiwa Drive huchukua muda kabla ya kuchezeka, na mtandao wetu jioni mnaujua.

Mkomani_26
Shukrani nyote. Sasa napata 58 pamoja na "Assalaam alaykum", na mashua nimeibakisha. Nimefupisha mwisho: "na kuwafundisha wenzangu" bila idadi, kwa sababu bado sijakubaliana na yeyote.

Bi_Msomaji
Basi kubaliana na mmoja kabla ya kurekodi na umtaje kwa kazi yake, "mwenzangu wa kitalu". Mwenzako wa kweli mmoja ana uzito kuliko "wenzangu".

FundiPicha_Langoni
Na muda ukiwa ni 58, usiongeze picha ya vijiti kwa kurefusha. Ichomeke juu ya sauti.

KakaMatondoni
Mimi bado nasema aanze na mche.